Kisutu Kilichogeuka Buluu

Mkanda wa filamu ya nyeusi na nyeupe hauna rangi iliyofifia na kubaki ikisubiri kufufuliwa. Ndani yake mna punje ndogo mno za fedha zilizoshikwa katika utando wa jelatini, na kazi yake siku ile mkanda ulipopita nyuma ya lenzi ilikuwa kupokea mwanga na kuonyesha kiasi chake. Kama mwanga ule ulitoka kwenye kitambaa chekundu au kwenye jani la mgomba, hilo halikuandikwa popote. Kwa hiyo programu ya kompyuta inapoutia rangi mkanda wa harusi ya zamani, hakuna kilichofukiwa ambacho inakifukua. Inakisia.

Tazama jinsi kijivu kinavyoficha. Hesabu moja inayotumiwa katika video kugeuza rangi kuwa kijivu huchukua asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya buluu. Chukua nyekundu iliyokoza yenye vipimo vya 200, 30 na 40. Kijani cha 20, 118 na 60. Na buluu ya 40, 90 na 155. Zote tatu huishia kwenye kijivu kimoja, 82, katika ngazi inayoanzia 0 kwenye weusi na kufika 255 kwenye weupe. Kanga tatu ambazo sokoni hakuna mwanamke angezichanganya zinakuwa kanga moja. Na filamu yenyewe haiifuati hesabu hii barabara. Mikanda ya zamani ya aina ya othokromatiki haikuiona nyekundu hata kidogo, ikaiacha nyeusi kama kaniki. Ile ya pankromatiki iliyokuja baadaye iliona rangi zote, lakini buluu iliizidishia, ndiyo sababu mbingu katika picha nyingi za zamani ni nyeupe tupu. Mtu anayetaka kukisia rangi kwa haki angeanza kwa kuuliza mkanda ni wa aina gani. Programu haiulizi.

Ninaouzungumzia hapa ni mkanda wa ukoo wetu, uliopigwa shamba huko Unguja kwenye harusi ya shangazi yangu mkubwa. Ni wa milimita 8, urefu wa futi 50, na kila futi ina picha 80, kwa hiyo picha zote ni 4,000. Kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde, unamalizika kwa dakika nne na sekunde chache. Ami yetu aliyeupiga alikuwa na mkono mtulivu kuliko wapigaji wengi wa nyumbani. Wanawake wanatwanga kinu kimoja wawili wawili, masufuria ya pilau yako juu ya mafiga, wanaume waliovaa kanzu wanapokewa kwa marashi, bibi anakuja mbele ya kamera akicheka, bibi harusi anatolewa, na mwisho kabisa panaonekana ufuko na jahazi lenye bendera.

Watoto wetu hawajui kwamba mikanda ya namna hii kwa kawaida haikuwa na negativu. Ilisafishwa kwa njia inayougeuza ule ule uliokuwa ndani ya kamera kuwa picha ya kuonyeshwa ukutani. Mkanda uliopita mbele ya harusi ile, uliopigwa na jua la siku ile, ndio huo huo ulioko ndani ya kopo la bati. Hakuna mwingine popote duniani ambao mtu anaweza kuuchapisha upya.

Binamu yangu alipoupeleka kuskaniwa, kisha akaupitisha kwenye programu ya kutia rangi na kuutuma kwenye kundi la familia, nyumba zilijaa shangwe. Nami nilifurahi, wala siikani furaha ile. Ardhi ilikuwa ya hudhurungi, migomba ya kijani, na ngozi za watu zilikuwa na joto la uhai. Ila bibi harusi alikuwa amejifunga kisutu cha buluu.

Kisutu ni nyekundu, nyeusi na nyeupe. Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa, wala hahitaji kuambiwa kwa nini bibi harusi hufungwa hicho na si kanga nyingine. Na lile jahazi la mwisho lilikuwa na bendera ya kijivu yenye kuelekea samawati, ilhali bendera ya Sultani ilikuwa nyekundu tupu, bila nembo wala maandishi, hadi Desemba 1963 ilipowekewa duara la kijani lenye karafuu. Vitu viwili ambavyo katika mkanda mzima tunavijua rangi kwa yakini, vyote viwili vilikosewa.

Kosa hili lina sababu yake, na ukishaielewa hutashangaa tena. Mwaka 2016, Richard Zhang, Phillip Isola na Alexei Efros wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walitoa utafiti ambao umefuatwa na wengi waliokuja baadaye. Waliichukua picha ya rangi, wakaigawa katika mwanga na rangi, wakaificha rangi, kisha wakaifundisha mashine kuitabiri kutokana na mwanga peke yake. Walifanya hivyo kwa picha milioni 1.3 kutoka hazina inayoitwa ImageNet. Ugumu waliokutana nao ndio unaotuhusu. Kitu chenye rangi nyingi zinazowezekana, kama fulana au gari, mashine ikiadhibiwa kwa kila kosa hujificha katikati ya rangi zote, na katikati ya rangi zote ni rangi iliyopauka ya kijivujivu. Ili kuitoa huko waligawa rangi katika makundi 313, mashine ikatakiwa kutoa uwezekano wa kila kundi, na rangi adimu zikapewa uzito zaidi ili zisimezwe na zile za kawaida.

Matokeo yake ni picha zenye kupendeza. Lakini angalia jinsi walivyoipima kazi yao. Watu waliwekewa picha mbili, moja ya kweli na moja iliyotiwa rangi na mashine, wakaulizwa ipi ni ya bandia. Katika asilimia 32 ya majaribio walidanganyika. Wenyewe walieleza wazi kwamba lengo lao ni rangi inayosadikika, si rangi iliyokuwepo. Kisutu cha buluu kinasadikika kabisa kwa mtu asiyejua kisutu. Mashine iliyolelewa kwa picha ambamo huenda kitambaa cha kijivu cha wastani mara nyingi ni buluu, imejibu kama ilivyofundishwa. Haikuona harusi ya Unguja. Iliona nguo yenye kijivu cha kiasi fulani, mwilini mwa mtu, nje, mchana.

Hadi hapo ni makosa ya rangi tu, na rangi hurekebishika. Lililonitia wasiwasi ni jambo jingine. Shangazi zangu wawili waliohudhuria harusi ile wangali hai. Mkubwa, aliyekuwa ndiye bibi harusi, hana simu ya kisasa na macho yake hayapendi kioo kidogo, video hakuiona. Mdogo, aliyekuwa msichana wa miaka kumi hivi wakati ule, aliitazama mara nyingi kwa wajukuu zake. Nilipomuuliza mdogo kuhusu kanga za siku ile, alinijibu bila kusita kwamba dada yake alifungwa kanga ya buluu nzuri sana, akaipamba kwa maelezo. Mkubwa nilipomfikishia maneno hayo alininyooshea kidole.

"Mwanangu, mimi ndiye niliyefungwa. Kisutu cha buluu umekiona wapi?"

Kisha akaeleza kwamba kilikuwa kipya, kikali kwa wanga, na kwamba wekundu wake ulimchujia shingoni kwa jasho. Jambo la namna hiyo halimo katika mkanda wowote wala programu haiwezi kulibuni. Simlaumu shangazi mdogo. Picha yenye rangi hukaa akilini kwa nguvu kuliko kumbukumbu ya mtoto wa miaka kumi, na kumbukumbu ikishapakwa hairudi tena ilivyokuwa. Tangu siku hiyo, mtu yeyote akiniletea mkanda wa kwao huwa namwomba jambo moja kabla ya yote: aukalishe ukoo, auonyeshe mkanda ukiwa bado wa kijivu, awaache wazee waseme, aandike. Rangi zisubiri. Shahidi aliyekwisha kuonyeshwa jibu hawezi tena kutoa ushahidi, na mashahidi wa miaka ya hamsini wanapungua kila mwaka.

Watu hudhani kukisia kunaanza penye rangi. Kunaanza mapema zaidi, kwenye usafishaji, na huko hakuonekani. Kwa filamu za rangi kuna njia nzuri ya kutambua vumbi: skana hupitisha mwanga wa infraredi, rangi za filamu huupisha, vumbi huuzuia, na mashine hujua kwa hakika palipo na uchafu. Kwa filamu ya nyeusi na nyeupe njia hii haifai, kwa sababu fedha yenyewe huuzuia mwanga huo. Mashine ingeiona picha nzima kuwa uchafu. Mafundi wenye vyombo huupitisha mkanda ndani ya kimiminika maalumu wakati wa kuskani, kikajaza mikwaruzo ya upande wa plastiki na kuifanya isionekane, na hilo halibadilishi picha. Wasio na vyombo hivyo wanaiachia programu, nayo ina kanuni moja kuu: kitu kinachoonekana katika picha moja na hakimo katika picha iliyotangulia wala inayofuata, ni vumbi, kifutwe.

Sasa rudi kwenye marashi. Mzee mmoja wa mlangoni anautikisa mrashi juu ya vichwa vya wageni. Katika skani ghafi, matone yanaonekana kama vidoa vyeupe vinavyoruka. Kila tone lipo katika picha moja tu, kwa kuwa kwa mwendo wa picha 16 kwa sekunde tone limeshapita kabla picha ya pili haijapigwa. Katika nakala iliyosafishwa mzee anatikisa mrashi mtupu. Wageni wanafumba macho na kupangusa nyuso, na hakuna kilichowagusa. Kwa anayetaka kujaribu nakala ya kwao, hapa ndipo pa kuangalia: mvua, cheche za moto, pumba zinazopepetwa, manyunyu ya bahari. Vikikosekana mahali ambapo watu wanavikwepa, vimefutwa.

Nyuso ndizo zilizoniumiza zaidi. Picha moja ya mkanda wa milimita 8 ina upana wa karibu milimita 4.8. Mtu aliyesimama mbali, uso wake unachukua robo ya milimita, punje chache za fedha ambazo macho yetu huzijaza kwa huruma. Programu za kurekebisha nyuso, kama GFPGAN iliyotolewa mwaka 2021, hujaza kwa nyuso zilizofundishwa nazo. Hiyo ilifundishwa kwa hazina ya picha 70,000 za nyuso zilizokusanywa kutoka tovuti ya Flickr. Mwaka 2020 programu nyingine iitwayo PULSE, iliyotoka Chuo Kikuu cha Duke, ilipewa picha ndogo yenye ukungu ya Barack Obama, nayo ikatoa uso safi, wenye kila unywele, wa mwanamume mweupe. Dunia ilicheka na kukasirika. Katika mikanda ya nyumbani hakuna wa kukasirika, kwa sababu bibi hajulikani nje ya ukoo.

Bibi yetu alikuwa na mwanya. Ndio uliomfanya asifiwe ujanani, na wajukuu wake watatu wameurithi. Pale anapoijia kamera akicheka, uso wake unajaza theluthi ya picha, na katika skani ghafi mwanya unaonekana kama mstari mfupi mweusi unaotokea na kutoweka kadiri kichwa kinavyosogea. Katika nakala iliyorekebishwa meno ni mamoja yaliyopangika, kope zimeongezwa, na ngozi imelainishwa. Ni mwanamke mzuri. Hatumjui. Namna ya kutambua si ngumu: simamisha nakala zote mbili kwenye picha ile ile, halafu sogeza picha tano mbele, tano nyuma. Kilichomo kwenye filamu hubaki na sura yake hata punje zikicheza. Kilichobuniwa hubadilika kidogo kila picha, jicho likapanuka, ukingo wa mdomo ukahama, kwa sababu kila picha imekisiwa upya.

Na mwendo nao. Wengi huagiza video iongezwe ulaini, kutoka picha 16 hadi 60 kwa sekunde. Kwa hesabu, nyakati za picha 16 na nyakati za picha 60 zinakutana mara nne tu kwa sekunde. Picha 56 kati ya 60 hazikupigwa na kamera yoyote. Penye mtu aliyeketi hutaona tofauti. Penye wale wanawake wawili na kinu utaiona mara moja: mchi ulioko juu katika picha moja umeshafika chini katika inayofuata, programu haijui ulipita wapi, basi unayeyuka angani na kuota tena ndani ya kinu, na viganja vya mtwangaji vinashikana na mti. Kinachopotea hapo ni mwendo wenyewe, ile zamu ya mmoja kuinua na mwenzake kushusha, ambayo katika picha 16 za kweli bado unaweza kuihesabu.

Ndiyo maana nashikilia mkanda wa asili kwa ukaidi unaowachosha jamaa zangu. Una habari ambazo hata skani nzuri inaweza kuzikata. Kodak walichapa pembeni mwa mikanda yao alama ndogo za duara, mraba, pembetatu na msalaba kuonyesha mwaka wa kutengenezwa, na alama hizo hujirudia kila baada ya miaka 20. Skani ya kwanza ilikuwa imekata pembe zote ili video ijae kioo vizuri. Tulipouweka mkanda wenyewe chini ya kioo cha kukuzia, alama zilituambia 1936, 1956 au 1976. Mwaka 1936 bibi harusi alikuwa hajazaliwa, na mwaka 1976 bendera ya Sultani ilikuwa imeshushwa zamani. Waliokuwa wakibishana kwamba harusi ilikuwa 1954 walinyamaza: mkanda haukuwa umetengenezwa bado.

Lakini mkanda nao hufa. Plastiki yake ni asetati, na asetati ikiingiwa na joto na unyevu hutoa asidi ile ile iliyomo ndani ya siki. Kwa makadirio ya Taasisi ya Image Permanence ya Rochester, Marekani, mkanda mpya ukiwekwa kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50 huchukua karibu miaka 40 kabla ya uozo huu kushika kasi. Pwani yetu ina joto na unyevu zaidi ya hapo karibu mwaka mzima. Harufu ya siki ukifungua kopo ni onyo kwamba muda umebaki mchache; mkanda utaanza kusinyaa, utajikunja, na matundu yake hayatakaa tena kwenye meno ya mashine. Asidi ikifungiwa ndani ya bati huharakisha uozo, na mvuke wake huambukiza mikanda ya jirani. Wetu ulikuwa umeanza kunukia. Tumeutoa kwenye bati, tukauweka kwenye kopo la plastiki linalopitisha hewa, mbali na mingine, kwenye chumba chenye kiyoyozi kwa binamu anayeishi mjini.

Tuliuskani upya kabla haujasinyaa, safari hii pamoja na matundu na pembe zake, kila picha faili lake, za kijivu, bila kusafishwa. Kwa upana wa pikseli 2,048 na kimo cha 1,536, kila picha ni megabaiti 6 na ushei, na zote 4,000 ni gigabaiti 25. Zinaingia kwenye diski ndogo ya bei nafuu, nasi tuna tatu, katika nyumba tatu. Faili hizo haziguswi na mtu. Kila kazi inafanywa kwenye nakala.

Na rangi? Sikatai rangi. Mwaka 2019 watafiti Satoshi Iizuka na Edgar Simo-Serra walionyesha njia ambayo mtu huipa mashine picha chache za mfano zilizotiwa rangi kwa maarifa yake, nayo ikazisambaza katika mkanda mzima. Hapo mkisiaji anakuwa mwanafunzi wa anayejua. Tumeanza kwa kisutu, kwa kufuata kipande alichonacho shangazi mkubwa sandukuni, ingawa wekundu wake wa leo si wa siku ile. Tumefuata kwa bendera. Kanzu, masufuria na migomba havikuleta ubishi. Kanga za watwangaji wawili hakuna aliyezikumbuka, ya bibi shangazi zangu wanaikumbuka tofauti, na kofia ya mzee wa mlangoni haijulikani.

Vijana walitaka hizo zijazwe kwa makisio ili video isionekane imeachwa njiani. Tuliwasikiliza, tukazungumza sana, na shangazi mkubwa ndiye aliyeamua. Visivyojulikana vimebaki kijivu, na mwanzoni mwa video kuna maandishi yanayotaja kila rangi na nani aliyeishuhudia. Kanga ya bibi ina majina mawili mbele yake, na rangi mbili.